Kuhesabu stoki ya depo kwa kamera ya simu: mwongozo kamili kwa wenye maduka ya Lubumbashi

Depo nyingi za vyakula na sabuni mjini Lubumbashi huhesabu bidhaa kwa daftari na kalamu: mmoja anataja, mwingine anaandika, na jioni mtu wa tatu anajumlisha. Kazi hiyo inaweza kufanywa kwa simu ya kawaida yenye kamera nzuri kiasi, bila mtandao wakati wa kuhesabu na bila kununua mashine ya kusomea misimbo. Mwongozo huu unaeleza njia moja tu, kuanzia maandalizi hadi kurekebisha daftari. Nimeichagua kwa sababu makosa yake yanaacha alama, na mtu anayeijua anaweza kutambua kosa limetokea kwenye rafu ipi bila kuhesabu depo nzima upya.

Msimbopau unasema nini, na hausemi nini

Mistari myeusi iliyochapwa kwenye bidhaa ni namba tu iliyoandikwa kwa namna ambayo kamera inaisoma kwa urahisi. Bidhaa nyingi za dukani zina namba ya tarakimu 13, aina inayoitwa EAN-13. Tarakimu za mwanzo zinaonyesha ni shirika la nchi gani lililoipa kampuni namba hizo, kwa mfano 600 na 601 kwa Afrika Kusini, 616 kwa Kenya na 620 kwa Tanzania. Tarakimu hizo hazithibitishi kwamba bidhaa ilitengenezwa katika nchi hiyo, kwa hiyo mzigo uliopita Kasumbalesa usihukumiwe asili yake kwa msimbo peke yake.

Tarakimu ya mwisho ni ya ukaguzi. Tuchukue namba ya mfano 2001234500012. Ukijumlisha tarakimu za nafasi ya kwanza, ya tatu, ya tano na kuendelea hivyo hadi ya kumi na moja, unapata 8. Ukijumlisha zile za nafasi ya pili, ya nne na kuendelea hadi ya kumi na mbili, unapata 10, na kila mara jumla hii ya pili huzidishwa kwa 3, ikawa 30. Zote pamoja ni 38, na ili kufika kwenye kumi inayofuata, yaani 40, inahitajika 2, ambayo ndiyo tarakimu ya mwisho. Simu hufanya hesabu hii yenyewe kila inaposoma, na namba isiyokubaliana inakataliwa. Ndiyo maana msimbo uliochanika mara nyingi hausomeki kabisa badala ya kusomeka vibaya, na ndiyo maana anayeandika namba kwa mkono anapaswa kuikagua kwa hesabu hiyo.

Kwenye bidhaa za kawaida, msimbo wa EAN-13 hautaji bei, tarehe ya mwisho ya matumizi, wala kundi la uzalishaji. Vipande elfu moja vya sabuni ya aina moja na ukubwa mmoja vyote vina namba ileile. Kwenye baadhi ya dawa utaona mraba mdogo wa vidoti uitwao DataMatrix, ambao unaweza kubeba pia tarehe ya mwisho na namba ya kundi. Hiyo ni hesabu ya famasi na ina taratibu zake, kwa hiyo hapa tunabaki na depo ya vyakula na sabuni.

Jambo ambalo linaharibu hesabu kuliko mengine yote ni kwamba katoni na kipande mara nyingi vina namba tofauti. Katoni inaweza kubeba namba ya tarakimu 14, ambayo huundwa kwa kuongeza tarakimu moja mbele ya namba ya kipande na kubadilisha ile ya ukaguzi mwishoni. Kwa namba yetu ya mfano, katoni ingekuwa 12001234500019. Watengenezaji wengine huipa katoni namba isiyofanana kabisa na ya kipande, na wengine hufunga vipande kwa plastiki inayoonyesha ndani, bila kuweka msimbo wowote wa nje. Hapo kamera inapenya plastiki, inasoma msimbo wa kipande kimoja, na furushi zima linaandikwa kuwa kipande kimoja. Tutarudi kwenye kosa hili, kwa sababu lina alama yake mahususi.

Kuchagua programu na kuiandaa

Programu inayofaa kazi hii inapaswa kuwa na mambo matatu: isome misimbo bila mtandao, ihifadhi historia ya kila ilichosoma pamoja na saa, na iweze kutoa historia hiyo kama faili la CSV, yaani orodha ya maandishi ambayo Excel inaweza kuisoma. Kwenye simu za Android, Binary Eye inatimiza masharti haya, ni ya bure, na inaweza pia kutengeneza misimbo ya QR. Programu nyingine yenye sifa hizo inafaa vilevile. Ile inayodai ruhusa ya kusoma majina na namba za watu ulizohifadhi kwenye simu iache, kwa maana kusoma msimbo kunahitaji kamera tu.

Fungua mipangilio ufanye mambo mawili. Kwanza, washa hali ya kusoma mfululizo, ambayo inairudisha kamera kazini mara baada ya kila msimbo. Pili, zima chaguo lolote linaloruka msimbo uliokwisha kusomwa, kwa sababu sabuni ileile inaweza kuwa kwenye rafu mbele na pia nyuma ya depo, na zote mbili lazima ziingie. Kisha futa historia ya zamani, ili faili lianze na hesabu ya siku hiyo.

Kadi za mahali, kadi za idadi na kadi za bidhaa zisizo na msimbo

Kusoma vipande 288 kimoja kimoja ni kupoteza siku, na kuandika idadi pembeni kwenye karatasi kunarudisha makosa ya daftari. Suluhisho ni kutengeneza kadi za QR ambazo simu inazisoma kama inavyosoma bidhaa. Zitengeneze ndani ya programu yenyewe, zichapishe, kisha zibandike kwenye karatasi ngumu. Chini ya kila msimbo andika maandishi yake kwa herufi zinazoonekana, ili mtu ajue anachokisoma.

Kadi za mahali zinaanza na herufi M: M-A1 kwa rafu ya kwanza mbele, M-C2 kwa lundo la pili nyuma, na kadhalika. Hizi hubandikwa ukutani au kwenye rafu na kubaki hapo. Kadi za idadi zinaanza na X: X1, X2, X3 hadi X50, zikiwa zimepangwa kwenye karatasi mbili ambazo anayehesabu anazibeba. Kadi za bidhaa zisizo na msimbo, kama kapenta iliyopimwa upya kwenye mifuko, maharagwe ya gunia au makayabu, zinaanza na D: D-KAPENTA1KG, D-MAHARAGWE50KG. Herufi ya kwanza ndiyo itakayoiwezesha kompyuta kutofautisha aina hizi, kwa hiyo isibadilishwe.

Unapochapisha, acha ukingo mweupe kuzunguka kila QR, usiopungua upana wa viraba vinne vidogo vya msimbo huo, na usisogeze kadi mbili karibu sana, la sivyo kamera itachukua ya jirani. Programu ikikuuliza kiwango cha kustahimili uharibifu, chagua Q, ambacho kinavumilia takriban robo ya msimbo kuharibika, au H, kinachovumilia takriban asilimia 30. Kadi za depo hupata vumbi, mafuta na alama za vidole, nayo misimbo ya maneno mafupi haiwi mikubwa hata kwa kiwango cha juu. Msimbopau wa kawaida hauna uwezo huo wa kujirekebisha. Unaweza tu kukataa kusomeka.

Kuhesabu ndani ya depo

Hesabu ifanyike depo ikiwa imefungwa. Kama ni lazima kuuza, bidhaa zinazouzwa siku hiyo zitolewe mapema na kuwekwa pembeni, na ziandikwe kando, kwa sababu katoni iliyoondoka kati ya rafu iliyohesabiwa na ile isiyohesabiwa haitapatikana tena kwenye takwimu.

Utaratibu ni mmoja na haubadiliki. Ukifika mahali, soma kadi ya mahali. Kisha soma msimbo wa bidhaa, hesabu kwa macho na kwa mkono ziko ngapi za aina hiyo mahali hapo, halafu soma kadi ya idadi. Endelea na bidhaa inayofuata. Kama hukusoma kadi ya idadi baada ya bidhaa, hesabu itachukulia kuwa ni moja. Kama zipo zaidi ya 50, soma bidhaa na X50, kisha soma bidhaa ileile tena na kadi ya zilizobaki. Kati ya msimbo mmoja na mwingine vuta pumzi moja. Historia huandika saa kwa sekunde, na misimbo miwili iliyosomwa ndani ya sekunde moja inaweza kubadilishana nafasi wakati wa kupangwa.

Ni vizuri wawe watu wawili: mwenye simu, na mwingine anayepanga bidhaa, anayehesabu na kutaja idadi kwa sauti. Mwenye simu asome kadi ile iliyotajwa na kuirudia kwa sauti. Kazi ya mtu wa pili ni pia kuangalia kama katoni zimejaa. Katoni iliyofunguliwa haisomwi kama katoni. Vipande vyake vinatolewa na kusomwa kwa msimbo wa kipande.

Kamera ikikataa kusoma, mara nyingi tatizo ni umbali. Simu nyingi za bei nafuu hazioni vizuri kitu kilicho karibu mno, kwa hiyo badala ya kuisogeza simu hadi igusane na bidhaa, irudishe nyuma hadi sentimita 15 au 20 na usubiri picha itulie. Depo zetu nyingi hazina madirisha, na taa ya simu inasaidia, lakini kwenye plastiki inayong'aa taa hiyo inaweka doa jeupe katikati ya mistari. Inamisha simu kidogo upande mmoja na doa litahama. Msimbo ukiwa umekunjwa, nyoosha plastiki kwa vidole, kwa kuwa kamera inahitaji kuvuka mistari yote kutoka mwisho mmoja hadi mwingine kwa mstari mmoja ulionyooka. Kamera iliyowashwa muda wote hula betri haraka. Anza na simu iliyojaa, na toa faili la CSV kila unapomaliza upande mmoja wa depo.

Kuhamishia kwenye Excel

Kompyuta nyingi za hapa kwetu zina Excel ya Kifaransa, na jambo hilo linabadilisha mambo mawili. Majina ya fomula ni ya Kifaransa na hutenganishwa kwa nukta-mkato. Vilevile, ukilifungua faili la CSV kwa kubofya mara mbili, huenda kila mstari ukabaki wote kwenye safu moja, huku namba ndefu zikigeuka kitu kama 6,00123E+12 na sifuri za mwanzo zikipotea. Kwa hiyo usibofye faili. Fungua kitabu kipya, nenda kwenye Données, ingiza faili la maandishi kutoka hapo, chagua alama inayotenganisha safu, na uitaje safu ya misimbo kuwa Texte kabla ya kukubali. Hatua hii ndogo ndiyo inayoamua kama kazi ya siku nzima itasomeka.

Weka karatasi tatu ndani ya kitabu. Ya kwanza iite Bidhaa: safu A ni msimbo, nayo pia iwe Texte, B ni jina, C ni idadi ya vipande. Kila msimbo una mstari wake. Sabuni yetu ya mfano itakuwa na mistari miwili yenye jina lilelile kabisa: namba ya kipande ikiwa na 1, na namba ya katoni ikiwa na 24. Kuitayarisha karatasi hii kwa mara ya kwanza kunachukua muda mrefu kuliko kuhesabu kwenyewe, lakini inatumika tena kila mara.

Karatasi ya pili iite Hesabu. Panga mistari yote kwa saa, kuanzia ya mwanzo, maana programu nyingi huorodhesha ya karibuni juu. Misimbo iwe safu A kuanzia mstari wa 2, kisha weka fomula hizi kwenye B2, C2, D2 na E2 kwa mfuatano, na uzivute hadi chini:

```
=SI(GAUCHE(A2;2)="M-";A2;B1)
=SI(OU(GAUCHE(A2;1)="M";GAUCHE(A2;1)="X");0;SI(GAUCHE(A3;1)="X";STXT(A3;2;4)*1;1))
=SI(C2=0;"";RECHERCHEV(A2;Bidhaa!A:C;2;FAUX))
=SI(C2=0;0;C2*RECHERCHEV(A2;Bidhaa!A:C;3;FAUX))
```

Ya kwanza inabeba mahali hadi kadi nyingine ya mahali itokee. Ya pili inatazama mstari unaofuata: ukiwa na kadi ya X, inachukua idadi yake, la sivyo inaweka 1. Ya tatu inatafuta jina, na ya nne inageuza katoni kuwa vipande. Kama Excel yako ni ya Kiingereza, majina ni IF, LEFT, OR, MID, VLOOKUP na FALSE, na kitenganishi kwa kawaida ni mkato.

Angalia mstari wa 2. Lazima uwe kadi ya mahali. Kama kuna kadi ya X au bidhaa ya mwisho uliyoisoma, basi mpangilio umegeuka juu chini, na kila bidhaa imepewa idadi ya nyingine.

Kisha tafuta #N/A kwenye safu D. Kila moja ni msimbo usiopatikana kwenye karatasi ya Bidhaa, na ni lazima zote ziondoke kabla ya kujumlisha, kwa sababu mistari hiyo inaachwa nje ya jumla bila onyo. Mara nyingi ni bidhaa mpya ambayo haijaandikwa. Mara nyingine msimbo upo, ila upande mmoja umehifadhiwa kama maandishi na upande mwingine kama namba. Na kuna misimbo ya Marekani ya tarakimu 12, ambayo simu moja huitoa na 12 na nyingine huiongezea sifuri mbele ikawa 13. Hapo weka mistari miwili kwenye Bidhaa.

Karatasi ya tatu ni Ripoti: safu A jina, B stoki inayotarajiwa kulingana na daftari, yaani iliyokuwepo pamoja na iliyoingia, kutoa iliyotoka. C na D ni hizi, na kwenye Excel ya Kiingereza SOMME.SI ni SUMIF:

```
=SOMME.SI(Hesabu!D:D;A2;Hesabu!E:E)
=C2-B2
```

Kusoma tofauti: mfano wa sabuni

Tuseme daftari linasema sabuni ya mfano ziwe vipande 305, na Ripoti inaonyesha 27. Pengo ni 278. Mwenye haraka atawaza wizi, na mtu ataitwa kujieleza. Kabla ya hapo, pengo lenyewe liulizwe.

Katoni ya sabuni hii ina vipande 24. Kila katoni inaposomwa kwa msimbo wa kipande, hesabu inapoteza 23, si 24, kwa kuwa kimoja kimehesabiwa. Basi gawanya pengo kwa 23: inaingia mara 12, ambazo ni 276, na kubaki 2. Matokeo ya namna hii yanaelekeza kwenye katoni 12 zilizosomwa kama vipande 12. Fungua karatasi ya Hesabu, chuja jina la sabuni, na utaona mistari miwili: M-A1 yenye vipande 15, na M-C2 yenye 12, ambako msimbo uliosomwa ni 2001234500012 wa kipande badala ya 12001234500019 wa katoni. Rudi kwenye lundo la C2 peke yake. Utakuta, kwa mfano, katoni ya juu imechanika ubavuni na msimbo wa kipande unaonekana kabla ya ule wa nje.

Badilisha msimbo kwenye mstari huo uwe wa katoni. Sasa 12 mara 24 ni 288, pamoja na 15 ni 303, na pengo la kweli ni vipande 2. Hivi viwili ndivyo vya kutafutwa: kipande kilichoharibika bila kuandikwa, kilichotolewa kama sampuli, au kilichochukuliwa. Kwa mwenye depo, tofauti kati ya kumtuhumu mtunza stoki kwa vipande 278 na kumuuliza kuhusu viwili ni kubwa sana, na ndiyo sababu nasisitiza hatua hii ifanywe kabla ya mtu yeyote kuitwa.

Ziada nayo ina alama zake. Ikiwa ziada ni sawasawa na kiasi cha mahali pamoja, mahali hapo pamesomwa mara mbili, na safu B itaonyesha kadi hiyo ikijitokeza katika vipindi viwili. Ikiwa ziada inagawanyika kwa 23, huenda vipande vimesomwa kwa msimbo wa katoni, au katoni iliyofunguliwa na kubaki na kipande kimoja imehesabiwa kuwa nzima. Na ikiwa bidhaa moja imepungua kwa kiasi kilekile ambacho nyingine imezidi, hasa zikiwa harufu mbili za sabuni moja, mtu alisoma msimbo wa moja na kuhesabu lundo la zote mbili.

Kuna pengo ambalo namba hazitalieleza: katoni iliyofungwa vizuri lakini yenye vipande pungufu ndani, au yenye bidhaa nyingine. Kamera inasoma kilichochapwa nje tu. Kwa hiyo, kwa bidhaa za bei kubwa, fungua katoni moja kati ya chache katika kila lundo, na upime uzito wa zile nyingine kwa mizani ileile. Katoni inayopungua kipande kizima cha sabuni huonekana kwenye mizani ya kawaida ya depo.

Mapengo yaliyothibitishwa yaandikwe kwenye daftari kwa tarehe ya siku ya kuhesabu, pamoja na sababu kama inajulikana, ili hesabu ijayo ya sabuni hii ianze kutoka 303. Hifadhi pia faili la CSV kama lilivyotoka kwenye simu, bila kuligusa, na ufanye marekebisho kwenye nakala, maana likitokea swali baada ya wiki mbili, faili hilo la awali ndilo linaloonyesha nini kilisomwa, wapi, na saa ngapi.